Nyegere wangu wa asali kwenye lebo ana mistari myeupe ubavuni, mdoli ametoka mweusi tii. Nani amekosea?

asali_ngambo
Habari za jioni wakuu. Mi nafungasha asali hapa Tabora mjini, Ng'ambo, kazi ndogo tu ya chupa za robo na nusu kilo, mzigo naupata kwa wafugaji wa Sikonge na Uyui. Mtoto wa dada angu alinichorea nyegere wa kukaa kwenye lebo, amesimama wima kama mtu, kifua cheusi, mgongoni lile shuka lake jeupe kuanzia utosini mpaka mkiani, begani kashoto kaning'iniza kimkoba na mkono wa kulia kashika kijiko cha mti. Watu wamempenda mpaka wananiita mama nyegere.

Sasa nataka mdoli wake wa kitambaa wa kukaa mezani Nanenane pale Ipuli, urefu sentimita 60. Fundi akasema picha ya mbele haitoshi, anataka ya ubavuni na ya mgongoni, dogo akachora nikapeleka. Jana nimeenda kuchukua, nilitaka kulia. Ukimtazama mbele ni mweusi wote kama gunia la mkaa, ile mistari miwili myeupe ya pembeni ambayo ndo inampendezesha haipo. Fundi anasema amefuata mchoro, dogo anasema fundi hajui kusoma mchoro, na mi hela imeshatoka. Naombeni msaada kabla sijagombana na mtu.

isevya_dizaina
Dada hapo umepigwa, pole. Picha ya mgongoni haina hata haja ya kuchorwa, unachukua ya mbele unaigeuza, kwenye Inkscape unabonyeza H imeisha, unafuta macho na pua unapaka nyeupe. Dakika mbili. Au dogo ajifunze Blender amtengeneze kabisa awe anamzungusha, mambo ya kuchora sura tatu tatu ni ya zamani.

penseli_butu
Mama asali pole. Kabla ya kumlaumu mtu naomba unijibu kitu kimoja. Kwenye picha ya mbele mistari myeupe inaonekana pembeni ya mwili kulia na kushoto, sawa. Je kwenye picha ya mgongoni, pembeni kabisa ya mwili, pale ukingoni, kuna rangi gani? Na ya ubavuni, mstari unaotenganisha nyeusi na nyeupe umepita wapi, karibu na tumbo, katikati, au karibu na mgongo?

asali_ngambo
Ngoja nichukue karatasi... Mgongoni katikati ni nyeupe afu pembeni kuna nyeusi kidogo kila upande, kama shuka halijafika mwisho. Ya ubavuni mstari umepita nyuma kidogo ya katikati, karibu na mgongo.

penseli_butu
Basi fundi wako hana kosa, na usigombane nae. Kosa liko kwenye karatasi.

Iko hivi. Nyegere wako ukimtazama mbele, ule ukingo wake wa nje, pale mwili unapoishia macho yako yanaanza kuona ukuta, ni mstari uleule ambao ukimtazama mgongoni unaona tena kama ukingo. Ni sehemu moja ya mwili, ubavu wake. Sasa ubavu hauwezi kuwa mweupe ukimtazama mbele afu uwe mweusi ukimtazama nyuma. Dogo kachora mbele nyeupe ukingoni, nyuma nyeusi ukingoni, huyo mnyama hayupo, hata Mungu hawezi kumuumba. Fundi alikutana na picha tatu zinazogombana, akachukua mbili zilizokubaliana, ubavuni na mgongoni, akashona. Mi ningefanya hivyohivyo.

Na ukichukua ya ubavuni, ule ukingo wa picha ya mbele ndo unakuwa katikati ya mwili. Kwa hiyo ukitaka nyeupe ionekane mbele, mstari wa ubavuni lazima uvuke katikati kwenda tumboni. Wa kwako uko nyuma ya katikati, mbele haitaonekana hata uzi mmoja.

isevya_dizaina
Sa si ndo nilichosema, geuza ya mbele upate ya nyuma

penseli_butu
Nusu. Ukingo wa nje ndo unaugeuza, hapo uko sahihi, tena ni lazima ufanane kabisa na wa mbele, la sivyo umechora mnyama mwingine. Ila kilichomo ndani hakigeuzwi, kinachorwa upya. Ukigeuza na mistari ya mbele ukaiacha pembeni utapata mgongo mweusi katikati na nyeupe pembeni, yaani shuka limetoboka.

mzee_mizinga
Mi nimefuga nyuki huku Sikonge tangu mizinga ya magome. Nauliza tu mwanangu, katika wanyama wote wa porini mmekosa mwingine wa kuweka kwenye chupa ya asali? Nyegere ni mwizi. Mzinga tunautundika kwa waya mbali na shina kwa ajili yake. Ni sawa na duka kuweka picha ya kibaka mlangoni. Wekeni nyuki.

asali_ngambo
Shikamoo mzee wangu. Nyuki kila lebo ya asali anae, nikiweka nyuki mteja atanitofautishaje na jirani? Nyegere anaijua asali nzuri ilipo ndo maana anaifuata, me naona anafaa.

mzee_mizinga
Marahaba. Hata mimi naijua asali nzuri ilipo lakini sivunji mzinga wa mtu.

dada_mgebuka
Samahani kwa kuingilia, mi niko Kigoma nauza mgebuka mkavu, na mi nina katuni yangu ya samaki anatabasamu. Mnaposema picha ya mbele ya samaki mnamaanisha ile ya ubavuni si ndio? Maana samaki wangu nimemchora ubavuni, jicho moja, mkia kulia. Nikimchora kwa mbele anakuwa kama kijiti, mdomo tu. Sasa tabasamu langu litakaa wapi

penseli_butu
Dada mgebuka swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, ntalirudia, ngoja tummalize nyegere kwanza asije akapoteza Nanenane.

Mama asali chukua karatasi ya grafu, ile yenye vimilimita, uilaze kwa mapana. Nyegere tumpe urefu wa milimita 120, ukizidisha kwa tano unapata ile sentimita 60 yako, kwa hiyo kila milimita ya karatasi ni nusu sentimita ya mdoli na fundi hatahitaji kuuliza. Kichwa mpe duara la milimita 48, yaani mwili mzima ni vichwa viwili na nusu, hiyo inatosha kumfanya awe kama mtoto bila kuwa boga tupu. Mwili ni yai, pana chini. Mdomo ni duara dogo mbele ya kichwa. Maumbo matatu tu, ukianza kuongeza kidevu na mashavu utajuta ukifika ubavuni maana kila kitu unachoongeza mbele unatakiwa ukijue ubavuni kinatokeza kiasi gani.

Afu kabla ya kuchora hata mstari mmoja wa mnyama, piga mistari ya kulala kwa rula, inakata karatasi nzima kushoto hadi kulia: ya utosi, macho, pua, kidevu, bega, kiganja, na ardhi. Sura zote tatu zinakaa kwenye mistari hiyohiyo. Pua ikiwa kwenye milimita 84 kutoka ardhini kwa mbele, ubavuni ni 84, hakuna mjadala. Unene unaruhusiwa kutofautiana, mwili wa mbele unaweza kuwa na upana 56 na ubavuni 50, ila kimo hakibadiliki. Nenda ukaangalie za dogo, nakuhakikishia mkono wa ubavuni ni mrefu kuliko wa mbele.

asali_ngambo
Yesu wangu, ni kweli. Mbele kiganja kinaishia kiunoni, ubavuni kimefika gotini. Umejuaje?

penseli_butu
Kwa sababu wote tunakosea hapo hapo. Mbele mikono imefunguka kidogo pembeni, kama mtu aliyebeba ndoo mbili, kwa hiyo kiganja kinapanda. Ukifika ubavuni akili inakuambia mkono unaning'inia, unauchora wote urefu wake. Fuata mstari wa kiganja tu, mkono utaonekana mfupi ubavuni na ndo sahihi maana unakuja kwako.

Sasa lile shuka, hapa msome taratibu. Umetaka mstari mweupe wa kuonekana mbele, tuseme upana wa milimita 6 kila upande. Watu wanadhani basi ubavuni unasogeza mstari mbele milimita 6. Hapana. Mwili ni wa mviringo, pale ubavuni unageuka kukukimbia, kwa hiyo eneo kubwa la ubavu ukiliona kwa mbele linabanwa linakuwa uzi. Mkate nyegere kama nyanya, pale kwenye tumbo: unapata duara lililobonyea, upana 56 na kina 50. Lichore chini ya picha ya mbele, katikati kwa katikati. Shusha mstari wa rula kutoka pale nyeupe inapoishia, milimita 6 kutoka ukingoni, mpaka uguse duara upande wa tumbo. Pima hiyo nukta iko mbele ya katikati kwa kiasi gani. Utapata kama milimita 15 na nusu. Na kutoka katikati hadi tumboni kote ni 25. Umeona?

Yaani ukitaka ule mstari wa lebo, ubavuni nyegere wako anakuwa mweupe karibu wote, nyeusi imebaki kipande tumboni. Na ukisogeza milimita 6 kama watu wanavyodhani, mbele unaona chini ya milimita moja, kwenye mdoli ni kama nusu sentimita, manyoya ya kitambaa yataimeza.

asali_ngambo
Nimesoma mara tatu. Nimechukua nyanya kweli nikaipaka chokaa ya ubaoni nusu nikaizungusha. Nimeelewa 😂 sasa nichague nini? Nikiacha mistari lebo yangu na mdoli havifanani, nikiweka mistari ubavuni anakuwa kondoo.

penseli_butu
Gawana hasara. Mstari wa mbele uwe milimita 3 badala ya 6, ukishusha kwenye duara utapata ubavuni uko 11 mbele ya katikati. Bado nyeusi inaonekana ya kutosha kuanzia hapo mpaka tumboni, na mdomo, mikono na miguu yote ni myeusi inakusaidia. Mgongoni atakuwa mweupe mwili mzima, ukingo hadi ukingo, hiyo pia inampendeza. Lebo mpya ukichapa punguza mistari ifanane.

Au ondoa mistari kabisa, mstari wa ubavuni uwe katikati, mbele mweusi nyuma mweupe. Kwa mimi ningechagua hiyo ya kwanza, ila ni duka lako.

cherehani_mbili
Mi ni fundi, sio yule wake, ila nishonavyo midoli naona ya pili ndo nzuri. Mstari wa rangi ukikaa katikati ya ubavu unakuwa ndo mshono wenyewe, nakata vipande viwili, cheusi mbele cheupe nyuma, naunganisha. Ukiusogeza mbele milimita 11 sijui ngapi inabidi nikate kipande cha mbele chembamba na cha nyuma kipana kinachokuja kuzunguka, kitambaa kinavutika, gharama inapanda. Na hivyo vipimo vyenu vya karatasi mjue mdoli ukijaza pamba unavimba, upana unapungua, mshono unahama. Mteja akitaka kitu sahihi ashone kwanza wa majaribio kwa marekani, achore mstari kwa maka, ajaze, aangalie, afungue. Hiyo ndo dawa, sio grafu.

penseli_butu
Fundi hapo kwenye marekani nakubali mia kwa mia. Kwenye mshono tunatofautiana ila wewe ndo unashika mkasi.

isevya_dizaina
Mnajitesa wakuu. Katuni haina jiometri. Masikio ya Mickey Mouse mnayajua? Kichwa kikigeuka upande wowote masikio yako vilevile duara mbili, ingekuwa ni ya kweli ubavuni yangeonekana membamba. Mbona dunia nzima imekubali?

penseli_butu
Imekubali kwenye karatasi. Mchoro unaweza kudanganya kila ukurasa kwa sababu hakuna anayeuzunguka. Mdoli umewekwa mezani, mtoto anauzunguka. Kama mama asali angebaki kwenye lebo tu ningemwambia achore mistari anavyotaka, mbele na nyuma, hamna atakayekuja kumdai.

isevya_dizaina
Poa hapo nimekuelewa, ila lebo ndo inayouza, sio mdoli.

asali_ngambo
Nimekaa na dogo jana usiku na grafu. Tumefika mgongoni tukakwama kunakili ukingo, kwa mkono haufanani, bega moja juu. Na kimkoba dogo kakiweka kulia kama kilivyo kwenye picha ya mbele, mi nahisi kuna kitu hakijakaa.

penseli_butu
Hisia yako iko sawa. Kimkoba kiko bega lake la kushoto. Mbele unakiona upande wako wa kulia kwa sababu mmetazamana. Ukienda nyuma yake, kushoto kwake na kwako ni kumoja, kwa hiyo mgongoni kinahamia kushoto kwa picha. Njia ya uvivu: asubuhi kuna jua, bandika karatasi kwenye kioo cha dirisha uso ukitazama nje, yaani wewe unaona nyuma ya karatasi, afu pitisha penseli kwenye ukingo unaopenya. Hiyo ndo sura ya mgongoni, bega kwa bega, na kimkoba kimejihamisha chenyewe. Macho na mdomo usivipitishe.

Na kijiko kitoe mkononi, kichore pembeni peke yake na kipimo chake. Ubavu uchore wa kushoto, wenye kimkoba, nyegere anatazama kushoto kwako. Ubavu wa kulia ukiwa hauna kitu cha ziada fundi hauhitaji.

asali_ngambo
Dirisha limefanya kazi!! Dogo kacheka mpaka basi. Kingine, nimejaribu kumpunguza awe wa mfuniko wa chupa, milimita 15, uso umepotea wote. Pua nyeusi, uso mweusi, macho meusi, naona doa tu lenye kofia nyeupe.

penseli_butu
Nyegere wa kweli macho ni madogo meusi ndani ya uso mweusi, kwenye mfuniko hiyo haivumiliki. Macho yape rangi ya asali, duara mbili kubwa, kila moja angalau milimita 2 ukishampunguza, afu kimkoba na vidole viondoke kwenye hiyo ndogo, baki na kichwa tu. Unabaki na rangi tatu, nyeusi, nyeupe, njano ya asali, na siku ukichapa fulana kila rangi ina fremu yake, kwa hiyo tatu ni fremu tatu, usiongeze ya nne kwa ajili ya kijiko. Fulana isiwe nyeusi ila, mwili wote utazama ndani ya kitambaa, labda umzungushie mstari mweupe.

Jaribio la mwisho mwambie dogo amjaze wino mweusi wote, mbele, ubavu, mgongo, hakuna macho hakuna shuka. Mtoto wa jirani akiangalia hiyo ya ubavuni aseme ni mnyama mwenye mdomo na mkia. Akisema ni chupa, mdomo autokeze zaidi.

asali_ngambo
Wa jirani kasema "panya amesimama". 😭

mzee_mizinga
Mwizi ni mwizi.

penseli_butu
Panya ni kwa sababu ya mkia. Mkia wa nyegere ni mfupi na mnene, kama brashi ya kupakia rangi. Dogo kauchora mrefu mwembamba. Na masikio yapunguze, nyegere karibu hana masikio, ni mikunjo tu.

dada_mgebuka
Wakuu samaki wangu msimsahau jamani

penseli_butu
Dada, kwa samaki jibu la swali la kwanza ni hapana, ya ubavuni inabaki ni ya ubavuni hata kama ndo nzuri. Ya mbele ni ile ya kijiti. Mgebuka ni mrefu mwembamba, macho yako pande mbili, ukimsimamisha mbele humuoni jicho hata moja vizuri. Una njia mbili nazozijua. Moja umuache wa ubavuni milele, lebo na stika tu, usimshone. Mbili umnenepeshe awe kama yai, macho uyalete mbele, mapezi yawe mikono, mkia uwe miguu. Ya pili atatabasamu mbele ila mtu wa Kigoma akimuona atakuambia huyo sio mgebuka.

dada_mgebuka
Huku watanicheka, mgebuka mnene? Watasema ni kuhe. Hakuna njia ya tatu?

cherehani_mbili
Mshone mto wa kulalia wa samaki, bapa, ubavu mmoja tabasamu ubavu wa pili tabasamu. Mbele nani ataangalia.

dada_mgebuka
Nitafikiria, ila kwenye mto tabasamu linakata katikati ya mshono wa mdomo.

asali_ngambo
Mrejesho. Fundi amekubali kumrekebisha, nusu ya hela. Amefanya wa marekani kwanza, mstari tumepima 11 mbele ya katikati, kwenye mdoli ni sentimita tano na nusu. Amejaza pamba. Kulia nyeupe inaonekana vizuri kama sentimita moja na nusu vilevile kama kwenye karatasi, kushoto imeonekana nusu yake, fundi anasema pamba upande ule imejaa zaidi ndo imesukuma mshono nyuma. Jumamosi anafungua anajaza upya. Macho ya njano yamekaa, mkia tumekata.

penseli_butu
Mwambie ajaze pande zote mbili kwa zamu, konzi huku konzi kule, asimalize upande mmoja kwanza. Na kimkoba akishone mwisho, kinaficha ule mstari wa kushoto mtashindwa kuukagua.